Urusi 1917: Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu njaa, vita na jinsi Wabolsheviki walivyochukua nchi

Kwanza tuelewane, haya mapinduzi yalikuwa Februari, Machi, Oktoba au Novemba?

Yalikuwa mawili, na Urusi wakati huo ilikuwa inatumia kalenda ya zamani iliyokuwa nyuma siku 13 ukilinganisha na hii yetu. Ya kwanza ndo yaliyomng'oa mfalme, wao wanayaita ya Februari, kwa kalenda yetu ni Machi. Ya pili ndo yaliyowapa madaraka Wabolsheviki, yaani chama cha wajamaa wenye msimamo mkali kilichoongozwa na Lenin, wanayaita ya Oktoba, kwetu ni Novemba. Hapa chini natumia tarehe zao za zamani maana ukizibadilisha unajichanganya mwenyewe, mpaka mwanzoni mwa 1918 waliposahihisha kalenda.

Urusi ni nchi ya ngano, njaa ilitoka wapi?

Hili ndo swali la maana kuliko yote na watu wengi wanaliruka. Wanasema tu "kulikuwa na njaa" kana kwamba mvua haikunyesha. Ngano ilikuwepo jamani. Kabla ya vita Urusi ilikuwa inauza nafaka nyingi sana nje kupitia Bahari Nyeusi, na Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza 1914, Uturuki ikaingia upande wa Wajerumani, njia ya meli pale Dardaneli ikafungwa, kwa hiyo nafaka yote ile ikabaki ndani. Kwa hesabu ya kawaida chakula kilitakiwa kiwe kingi zaidi, sio pungufu.

Tatizo lilikuwa kuitoa kijijini mpaka ifike mjini. Mkulima wa Urusi alikuwa anauza ngano ili anunue misumari, mafuta ya taa, kitambaa, jembe la chuma. Sasa viwanda vyote vimegeuzwa kutengeneza mizinga na risasi, dukani hamna kitu, na serikali inachapisha noti usiku na mchana ili ilipie vita (na hapo ilishajikosesha hela nyingi kwa kupiga marufuku vodka, ambayo mapato yake yalikuwa yanajaza hazina vizuri tu). Alafu wakapanga bei ya nafaka iwe ya chini, ila bei ya bidhaa za viwandani inapanda kila wiki. Mkulima akiuza leo anapata makaratasi ambayo kesho hayanunui hata msumari. Ungekuwa wewe ungeuza? Wakaweka ghalani, wengine wakalishia mifugo.

Halafu kuna reli. Petrogradi, yaani Sankt Peterburgi iliyobadilishwa jina 1914 kwa sababu la zamani lilisikika kijerumani mno, iko kaskazini kabisa, mbali na mashamba. Zamani makaa ya mawe yalikuwa yanaletwa kwa meli kutoka Uingereza, sasa Bahari ya Baltiki imefungwa na Wajerumani, kwa hiyo makaa yanatoka Donbasi kusini kwa treni. Mabehewa yale yale yabebe makaa, yabebe wanajeshi, yabebe mizinga, yabebe na ngano. Injini zimechoka, hamna vipuri, na baridi ya mwanzo wa 1917 ilikuwa kali hadi mabomba ya injini yanapasuka na theluji inafunika njia. Unakuta unga uko stesheni fulani huko njiani na Petrogradi wanalala foleni.

Na foleni zenyewe Warusi walikuwa wanaziita "mikia". Mwanamke anatoka kiwandani usiku, anaenda kusimama kwenye mkia kwenye baridi ya kugandisha, asubuhi anaambiwa mkate umeisha, anarudi kazini. Hiyo sio siku moja, ni miezi.

Vita yenyewe ilikuwa mbaya kiasi gani kwao?

Mbaya. Kwa vita nzima waliandikishwa jeshini watu milioni 15 hivi, wengi wao wakulima. Mwaka 1915 walirudishwa nyuma mpaka wakapoteza Polandi yote, na kuna wakati askari walipelekwa mstari wa mbele bila bunduki wakaambiwa wasubiri za watakaokufa. 1916 jenerali Brusilov aliwapiga Waostria vizuri sana, lakini waliokufa na kujeruhiwa walikuwa wengi mno na mwisho wa siku vita haikuisha. Hii ni vita ile ile iliyopita huku kwetu Tanga mpaka Lindi na kuchukua wapagazi wetu, kwa hiyo wazee wetu walijua maana ya kuondolewa kijijini kwa ajili ya ugomvi wa wafalme wa mbali.

Kosa la mfalme, yaani Tsari Nikolai wa Pili, ambalo mimi naona ndo lilimmaliza ni kwenda kuwa amirijeshi mkuu yeye mwenyewe mwaka 1915. Akahamia makao makuu ya jeshi Mogilyov. Kuanzia hapo kila kipigo ni chake, hamna waziri wa kumlaumu tena. Na mjini akamwacha malkia Aleksandra, mzaliwa wa Ujerumani, anayemsikiliza Rasputini, mtu wa dini aliyeaminika kuponya wagonjwa, kuhusu nani awe waziri. Mawaziri wakabadilishwa kama soksi. Rasputini aliuawa Desemba 1916, na waliomuua walikuwa watu wa ukoo wa kifalme na marafiki zao, ujue hapo hata nyumbani kwa mfalme imani ilishaisha.

Hizo siku za Februari zilikwendaje? Nani alipanga?

Hakuna aliyepanga. Lenin alikuwa Uswisi, viongozi wengine walikuwa Siberia kifungoni au nje ya nchi. Twende siku kwa siku maana hapa ndo utaona utawala wa miaka 300 na zaidi unavyoanguka ndani ya wiki.

Katikati ya Februari habari zilitoka kwamba mkate utaanza kugawiwa kwa kadi. Watu wakakimbilia maduka, unga ukaisha, vioo vikavunjwa. Tarehe 22 kiwanda kikubwa cha Putilovu kikafungia wafanyakazi nje baada ya ugomvi wa mishahara. Tarehe 23 ilikuwa Siku ya Wanawake, na wanawake wa viwanda vya nguo wakaacha kazi, wakapita viwanda vya chuma wanarusha theluji madirishani wanawaita wanaume watoke. Kelele ilikuwa moja, mkate. Hali ya hewa nayo ikawa nzuri ghafla baada ya baridi kali kwa hiyo watu wakabaki barabarani. Tarehe 25 waliogoma walishapita laki mbili na sasa wanasema vita iishe na Tsari aondoke.

Jioni hiyo Nikolai, akiwa mbali huko Mogilyov, akatuma telegramu kwa jenerali Khabalov, kamanda wa jeshi la Petrogradi, kwamba vurugu ziishe kesho. Telegramu hiyo ndo ilibadilisha kila kitu kwa sababu Khabalov sasa alilazimika kufyatua risasi. Na watu wa kufyatua ni kina nani? Mjini kulikuwa na askari zaidi ya laki moja na nusu, ila sio askari unaowafikiria. Walinzi wa zamani wa mfalme walikuwa wameshakufa vitani 1914 na 1915. Waliobaki kambini ni wa akiba, vijana wapya wa vijijini na watu wazima wenye familia, wengine walipona majeraha wanasubiri kurudishwa vitani, wamebanana kambini, na mama zao na dada zao ndo hao hao wa kwenye foleni.

Tarehe 26 Jumapili walifyatua kweli. Pale uwanja wa Znamenskaya kikosi cha mafunzo cha rejimenti ya Volinski kiliua watu wengi. Usiku huo kambini hawakulala. Sajini mmoja anaitwa Timofei Kirpichnikov akazungumza na wenzake wakakubaliana kesho hawatoki kuua tena. Asubuhi ya tarehe 27 kapteni wao Lashkevichi alipokuja wakamkatalia, akageuka kuondoka, akapigwa risasi uani. Hapo hawakuwa na pa kurudi, maana ukishamuua afisa ni kunyongwa, njia pekee ya kupona ni wengine nao waasi. Kwa hiyo wakakimbilia kambi za jirani kuwavuta wenzao. Mpaka jioni makumi ya maelfu ya askari walikuwa upande wa wagomaji, ghala la silaha limefunguliwa, magereza yamefunguliwa.

Mkishika jambo moja tu kwenye ukurasa huu mshike hili la askari wa Petrogradi, maana ndo wale wale watakaoamua Oktoba.

Mbona majenerali hawakumtetea mfalme wao?

Walimpima na vita wakaona vita muhimu. Nikolai alipanda treni kurudi kwa familia, njia ikafungwa, akageuzwa akaishia Pskov. Jenerali Alekseyev akawaandikia makamanda wa pande zote za vita kwa telegramu akiuliza maoni, na majibu yakaja yanafanana, ajiuzulu ili jeshi lisisambaratike, hata baba yake mdogo naye akasema hivo. Tarehe 2 Machi akasaini, akajiondoa yeye na mtoto wake mgonjwa, akamwachia mdogo wake Mikhaili. Kesho yake Mikhaili akakataa. Basi, ukoo wa Romanovu ulioanza kutawala 1613 ukawa umeishia hapo, na jeshi halikuokolewa.

Baada ya hapo nani alikuwa anatawala?

Wawili kwa wakati mmoja, na kwenye jengo moja mwanzoni, Ikulu ya Tauride. Upande mmoja wabunge wa Duma wakaunda Serikali ya Muda chini ya Lvov, mtu wa ukoo wa kikabaila, baadaye Kerenski. Upande wa pili wafanyakazi na askari wakachagua Sovieti, yaani baraza lao, kila kiwanda na kila kambi ina mjumbe wake. Serikali ilikuwa na jina, Sovieti ilikuwa na watu.

Tarehe 1 Machi Sovieti ikatoa Amri Namba 1. Ilisema kila kikosi kichague kamati, silaha zishikwe na kamati na sio maafisa, na amri za serikali zifuatwe tu kama hazipingani na za Sovieti. Askari asimwamkie afisa kwa vyeo vya kitukufu, na afisa asimwite askari kama anaita mtoto. Iliandikwa kwa ajili ya Petrogradi tu lakini ikasambaa jeshi zima. Kuanzia siku hiyo serikali ikitaka kutuma kikosi mahali lazima kikosi kikubali kwanza, sasa hapo unaendeshaje vita?

Serikali ya Muda ilikosea wapi? Si walileta uhuru?

Walileta, tena mwingi, magazeti huru, wafungwa wa siasa wakatoka, hukumu ya kifo ikafutwa. Mimi siwaoni watu wabaya. Ila mambo matatu ambayo watu waliyaulizia kila siku, amani, ardhi na mkate, walisema yasubiri uchaguzi wa Bunge la Katiba, na uchaguzi nao wakawa wanausogeza mbele.

Kwenye vita walikuwa wamefungwa na ahadi na madeni kwa Ufaransa na Uingereza. Mwezi Juni Kerenski akiwa waziri wa vita akazunguka mstari wa mbele anahutubia, tarehe 18 Juni mashambulizi yakaanza, siku chache yakaenda, alafu vikosi vikaanza kukaa kamati kujadili kama waende au wasiende, Wajerumani wakajibu na jeshi likakimbia. Baada ya hapo kutoroka jeshini kukawa jambo la kawaida. Na mwanajeshi mkulima alikuwa na sababu ya pili ya kurudi, kijijini watu walishaanza kujigawia mashamba ya mabwana wakubwa, akichelewa anakosa. Mkate nao mjini ulizidi kupungua, mgao unakatwa tena na tena, wakulima bado hawauzi kwa sababu zile zile za mwanzo. Hakuna kilichokuwa kimetengenezwa.

Ni kweli Lenin aliletwa na Wajerumani?

Walimpa njia, hilo ni kweli. Alikuwa Zurikh, wakampitisha yeye na wenzake kwa treni katikati ya Ujerumani, akafika Petrogradi tarehe 3 Aprili. Wajerumani walitaka mtu wa kuitoa Urusi vitani. Ila kusema alikuwa wakala wao tu ni kuruka nusu ya habari, maana aliyoyasema aliyaamini tangu 1914. Alichokuja nacho ni kwamba vita iishe, ardhi wapewe wakulima na madaraka yote yaende kwa Sovieti, hakuna kuiunga mkono Serikali ya Muda hata kidogo. Mwanzoni wenzake wa chama hicho hicho walimshangaa. Juni kwenye mkutano mkuu wa Sovieti za nchi nzima Wabolsheviki walikuwa wajumbe 105 tu kati ya elfu moja na kitu. Wajumbe wachache, ila ndo chama kikubwa pekee kisichokaa na mawaziri waliokuwa wanaendeleza vita, na kadiri serikali inavyochukiwa wao ndo wanabaki wasafi.

Julai walipigwa wakakimbia, Oktoba wakaweza vipi?

Julai rejimenti ya kwanza ya bunduki za rashasha ilikuwa inatakiwa kupeleka watu vitani, ikaingia barabarani pamoja na mabaharia wa Kronshtadti, kambi ya jeshi la majini karibu na mji. Viongozi wa chama hawakuwa wamejipanga, serikali ikatoa habari kwamba Lenin analipwa na Wajerumani, baadhi ya vikosi vikageuka, Lenin akajificha Finlandi, mwanamapinduzi mwenzake Trotski akawekwa ndani. Ilionekana wameisha.

Aliyewafufua ni jenerali Kornilov. Huyu huyu ndo aliyempa nishani yule sajini Kirpichnikov mwezi Machi, na mwishoni mwa Agosti akiwa amirijeshi mkuu akatuma vikosi kuelekea Petrogradi. Mpaka leo watu wanabishana kama alielewana na Kerenski kwanza au la, ila Kerenski aliogopa, akamwita msaliti na akaomba msaada wa Sovieti. Wafanyakazi wa reli wakang'oa njia na kupeleka treni kwingine, wajumbe wakaenda kuongea na askari wa Kornilov, wakaacha kusonga bila vita. Lakini wafanyakazi waligawiwa bunduki, na hazikurudishwa. Wabolsheviki wakatoka jela. Maafisa hawamwamini tena Kerenski, askari nao wanawaona maafisa wote ni kina Kornilov. Mwanzoni mwa Septemba Wabolsheviki wana wingi kwenye Sovieti ya Petrogradi na ya Moskva, na mwishoni mwa mwezi huo Trotski akawa mwenyekiti wa Petrogradi.

Sasa siku yenyewe ilikuwaje?

Ilianza kwa lile lile la askari kutotaka kwenda vitani. Wajerumani walishachukua Riga, Oktoba wakachukua visiwa vya Estonia, na serikali ikatangaza kwamba sehemu kubwa ya askari wa Petrogradi itapelekwa mstari wa mbele. Kambini wakaona wanaadhibiwa kwa mapinduzi yao. Sovieti ikaunda Kamati ya Kijeshi ya Mapinduzi, kwa maneno rasmi ni ya kulinda mji, na Trotski akaitumia kuwaambia askari kwamba amri yoyote isiyo na saini ya kamati haina nguvu. Tarehe 21 wawakilishi wa kambi wakakubali. Naomba uone hapa, siku nne kabla ya "mapinduzi" serikali ilikuwa haina jeshi mjini. Viongozi wa chama walishapiga kura tarehe 10 kuchukua madaraka kwa nguvu, watu 10 dhidi ya 2, Kamenev na Zinovyev ndo walikataa na Kamenev akaenda kuandika gazetini kwamba anapinga, yaani siri haikuwepo na bado serikali haikuweza kitu.

Asubuhi ya tarehe 24 Kerenski akafunga magazeti ya Wabolsheviki na kuagiza madaraja ya mto Neva yainuliwe. Kamati ikajibu kwamba inajilinda. Usiku ule vikundi vidogo vikaingia posta, stesheni, benki kuu na jengo la simu, mara nyingi walinzi wanabadilishana tu na wageni. Mjini tramu zinatembea na mikahawa iko wazi. Asubuhi ya tarehe 25 Kerenski akatoka na gari kutafuta vikosi nje, mawaziri wakabaki Ikulu ya Majira ya Baridi wakilindwa na wanafunzi wa uafisa, Wakozaki na kikosi cha wanawake, na wengi wakaondoka kadiri saa zinavyokwenda na chakula hamna. Saa tatu na dakika 40 usiku meli Aurora ikapiga mzinga mmoja mtupu, hauna risasi. Kama saa nane usiku mawaziri wakakamatwa wamekaa mezani. Wale umati wanaopanda mageti unaowaona kwenye picha ni maigizo ya miaka ya baadaye.

Wakati huo huo kwenye jengo la Smolni mkutano wa pili wa Sovieti ulikuwa unaendelea. Wamensheviki, wajamaa wapinzani wa Lenin, na wajamaa wengine wakatoka nje kwa hasira kupinga, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa kubwa sana, maana walimwachia Lenin ukumbi. Kesho yake zikapita amri mbili, ya amani na ya ardhi. Moskva walipigana karibu wiki nzima, hapo ndo damu ilimwagika.

Kwa hiyo wananchi wengi waliwataka Wabolsheviki?

Nchi nzima hapana. Uchaguzi wa Bunge la Katiba ulifanyika Novemba na wao wakapata karibu robo ya kura, wakulima wengi waliwachagua Wajamaa Wanamapinduzi, chama kilichowatetea wakulima. Ila ukiangalia kura zilipotoka, Petrogradi, Moskva, kambi za mijini na askari wa mstari wa mbele wa kaskazini na wa magharibi, huko Wabolsheviki walishinda vizuri. Yaani walikuwa wengi pale penye bunduki na reli. Bunge lilikaa siku moja tu Januari 1918 likafungwa, na waliojaribu kulinda walikuwa wachache mno.

Amani na mkate vilipatikana?

Amani na Wajerumani ilipatikana kwa bei ya kutisha. Askari walishaondoka kwenda kuwahi ardhi, kwa hiyo Wajerumani walipoanza kusonga tena Februari 1918 hapakuwa na wa kuwazuia, na Machi 3 pale Brest-Litovski Urusi ikaachia Ukraini, Polandi na nchi za Baltiki. Mwezi huo huo serikali ikahamia Moskva. Alafu vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaja.

Mkate ndo kabisa. Noti bado hazinunui kitu, bidhaa bado hamna, na ngano ya Ukraini sasa iko kwa Wajerumani, kwa hiyo serikali mpya ikaanza kutuma vikosi vya wafanyakazi wenye bunduki kuchukua nafaka vijijini kwa nguvu. Petrogradi ilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili mwaka 1917, ilipofika 1920 wamebaki kama laki saba. Wengine walikufa kwa njaa na magonjwa, wengine walikwenda na majeshi, na wengi sana walifunga mizigo wakarudi vijijini kwa ndugu, kule ngano ilikokuwa tangu mwanzo.